Kusaga kitunguu saumu na tangawizi nyumbani, na kuvihifadhi bila ukungu wala kupoteza ladha

Mchanganyiko wa kitunguu saumu na tangawizi huharibika kwa njia tatu, na kila njia ina sababu yake. Ukungu huota juu yake na kwenye shingo ya chupa pale unapopata hewa na unyevu. Ladha hupooza kwa sababu ule ukali wa kitunguu saumu unaozaliwa wakati wa kusaga haudumu. Njia ya tatu ndiyo ya hatari, na haionekani kwa macho: bakteria wanaotengeneza sumu ya botulini hukua chini ya mafuta, mahali pasipo na hewa. Tatizo ni kwamba dawa ya ukungu inaweza kuwa chakula cha bakteria hao. Mafuta yanayomwagwa juu ya chupa ili ukungu usiote ndiyo hayohayo yanayofukuza hewa na kuwapa nafasi ya kukua.

Ndiyo maana hapa kazi imegawanywa mara mbili tangu mwanzo. Kiasi kidogo cha kutumia wiki hii kinasagwa kwa siki na kukaa kwenye friji. Kiasi kikubwa kinasagwa kwa mafuta na kugandishwa kwenye friza siku hiyohiyo. Hakuna kinachobaki kabatini, hata kwa siku moja.

Vipimo

Vipimo hivi vinatosha familia ya watu watano au sita wanaopika mchuzi karibu kila siku, kwa muda wa mwezi mmoja hivi:

- kitunguu saumu gramu 600 kabla ya kumenya, ili upate takribani gramu 500 za punje safi
- tangawizi mbichi gramu 360 kabla ya kumenya, ili upate takribani gramu 300
- chumvi laini vijiko 3 vya chai, vya kusawazisha
- siki nyeupe ya asilimia 5, vijiko 3 vya chakula
- mafuta ya alizeti vijiko 6 vya chakula

Maji hayamo kwenye orodha, na hayataingia hatua yoyote ya kusaga. Wengi humwagia blenda maji kidogo ili izunguke, na hapo ndipo uharibifu unapoanza. Maji yanapunguza ladha, yanaacha majimaji juu ya chupa, na yanaupa ukungu mazingira unayoyapenda. Kazi ya kulainisha itafanywa na siki upande mmoja na mafuta upande mwingine.

Uwiano wa sehemu tano za kitunguu saumu kwa tatu za tangawizi unafaa pilau, mchuzi wa nyama na maharage. Ukiweka sawa kwa sawa, tangawizi itatawala, na watoto watalalamika. Anayependa ukali wa tangawizi kwenye mbuzi wa kuchoma aongeze mbichi siku ya kupika.

Kuchagua sokoni

Iwe unanunua hapa Dodoma kwenye soko la Majengo, Sabasaba au la Job Ndugai kule Nzuguni, usikubali kupimiwa kilo kutoka kwenye gunia bila kushika. Bonyeza kitunguu saumu kwa kidole gumba pande zote. Kikiwa kizima kinakuwa kigumu, shingo yake imekauka kabisa, na maganda ya nje yanatoa sauti ya karatasi. Kikibonyea mahali pamoja, ndani kuna punje iliyosinyaa au kuoza.

Kisha bandua ganda moja la nje na uangalie chini yake. Unga mweusi kama masizi uliojificha hapo ni ukungu, na mbegu zake husambaa kwenye vidole, kwenye kisu na hatimaye kwenye chupa. Watu wengi huufuta kwa kitambaa wakaendelea na kazi, halafu wiki inayofuata wanashangaa chupa imeotaje ukungu wakati ilikuwa safi. Kitunguu chenye unga huo juu ya ganda tu, na punje zake zikiwa ngumu na nyeupe, kinaweza kutumika siku hiyo kwenye sufuria. Cha kuhifadhi kisiwe hicho.

Kitunguu kilichochipua kinafaa kuliwa, lakini chipukizi la kijani katikati ya punje lina uchungu, na uchungu huo unajitokeza zaidi kinaposagwa kibichi. Pasua punje, ng'oa chipukizi. Kama zaidi ya nusu ya fungu limechipua, nunua kwingine, maana kazi ya kuling'oa moja moja haina malipo.

Kwa tangawizi, vunja kidole kimoja. Iliyo nzuri inakatika kwa sauti na kutoa unyevu na harufu palepale. Ikijipinda kabla ya kukatika, ni nzee au imekaa juani muda mrefu, na nyuzi zake zitazunguka kwenye visu vya blenda. Angalia sana ncha zilizovunjika zamani, kwani huko ndiko ukungu wa kijivu au wa bluu huanzia. Baadhi ya tangawizi huwa na mduara wa rangi ya bluu hafifu ndani ya nyama yake. Hiyo ni rangi ya aina yenyewe, mradi iwe ngumu na isiwe na harufu ya uvundo.

Kumenya na kukausha

Tangawizi hukua ardhini, na udongo unaobaki kwenye mikunjo yake ndio wenye mbegu za bakteria wa botulini. Vunja vidole vyote vitengane, loweka dakika tano kwenye maji, kisha sugua kwa brashi au mswaki mpya chini ya maji yanayotiririka kabla ya kumenya. Ukimenya kwanza halafu ndiyo uoshe, kisu kinakuwa kimeshauburuta udongo hadi kwenye nyama. Menya kwa kukwangua na ukingo wa kijiko cha chai: ganda linatoka jembamba na kijiko kinafuata mikunjo ambayo kisu kinairuka.

Kitunguu saumu kimenywe kikavu. Tenganisha punje, kata kitako cha kila moja, igandamize kidogo kwa ubapa wa kisu hadi ganda litoe sauti, kisha livute. Gandamiza kwa kiasi tu. Punje ikipondeka sasa hivi, ladha yake inaanza kuzaliwa na kupotea kabla hujafika kwenye blenda. Punje ndogo zinazosumbua ziloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15, ganda litalegea, lakini ujue umeongeza hatua ya kukausha.

Weka pembeni kila punje yenye doa la kahawia, la manjano inayoteleza, au jeusi. Usikate doa ukabakiza iliyobaki, kwani kwa mchanganyiko wa kuhifadhi punje moja mbovu inatosha kuharibu chupa nzima.

Sasa tandaza punje na tangawizi kwenye kitambaa safi, zisilaliane, ndani ya nyumba. Kiangazi cha Dodoma, kuanzia Mei hadi Novemba, hewa ni kavu kiasi kwamba nusu saa hadi dakika 45 inatosha. Usiviweke nje hata kama jua linavutia: upepo wa miezi hiyo unabeba vumbi, na vumbi hubeba mbegu za ukungu. Masika, hasa Januari hadi Machi, vipe saa moja na nusu, kisha futa kimoja kimoja kwa kitambaa kingine kikavu. Kipimo ni cha mkono: punje ikiteleza mkononi bado ina maji, ikishika kidogo kama ina gundi imekauka.

Wakati vinakauka, andaa chupa. Tumia chupa mbili ndogo za kioo zenye mdomo mpana, za mililita 150 hivi, badala ya moja kubwa. Zioshe kwa sabuni na maji ya moto, zichemshe dakika 10 pamoja na mifuniko ya chuma, kisha zigeuze juu ya kitambaa safi hadi zikauke zenyewe. Usizifute ndani kwa kitambaa cha jikoni. Kuchemsha huku kunaua ukungu na bakteria wa kawaida, ila hakuui mbegu za botulini, ambazo zinastahimili maji yanayochemka kwa saa kadhaa. Kwa hizo, ulinzi ni baridi tu.

Kusaga

Kata tangawizi yote kuwa visahani vya unene wa milimita 3, ukikata kukingama nyuzi. Nyuzi za tangawizi zinakwenda kwa urefu wa kidole. Ukikata kwa urefu zinabaki ndefu na blenda haiwezi kuzimaliza. Hata tangawizi iliyokomaa inasagika vizuri ikikatwa hivi.

Pima sasa, kabla ya kusaga. Tenga gramu 125 za kitunguu saumu na gramu 75 za tangawizi kwa ajili ya friji. Zilizobaki, gramu 375 na 225, ni za friza. Asiye na mizani ahesabu robo ya kila kimoja kwa friji na robo tatu kwa friza.

Anza na sehemu ya friza. Weka tangawizi, vijiko 2 vya chai vya chumvi na vijiko 4 vya mafuta kwenye blenda, saga hadi nyuzi zisionekane, ndipo uongeze kitunguu saumu na mafuta yaliyobaki. Tangawizi inatangulia kwa sababu ni ngumu na inahitaji muda. Kitunguu saumu kinachelewa kwa sababu muda ndio unaokiharibu.

Hapa inafaa kueleza kinachotokea ndani ya blenda, maana hatua zote zinazofuata zinatokana nacho. Punje nzima ya kitunguu saumu haina harufu kali. Ukali huzaliwa pale unapoivunja: kimeng'enya kilichokuwa sehemu moja ya punje kinakutana na kemikali iliyokuwa sehemu nyingine, na ndani ya sekunde chache inatokea alisini, ambayo ndiyo ule ukali unaowasha ulimi. Alisini haitulii. Kwenye joto inavunjika haraka, kwenye friji inavunjika polepole, kwenye friza polepole zaidi. Kinachobaki baada yake ni harufu nzito ya salfa, ile ambayo watu husema mchanganyiko "umelala".

Kwa hiyo usiiache blenda izunguke dakika mbili mfululizo. Bonyeza sekunde 5 hadi 10, zima, shusha kwa mwiko vilivyopanda ukutani, bonyeza tena. Shika jagi mara kwa mara; likianza kuwa la vuguvugu, simama dakika tatu. Gramu 600 kwa mara moja ni mzigo kwa blenda nyingi za nyumbani, kwa hiyo gawa mafungu mawili kama mota inaguna. Ukiona visu vinazunguka na vitu vimesimama, ongeza kijiko kimoja cha mafuta. Usiongeze maji.

Mwisho saga sehemu ya friji kwa namna hiyohiyo, ukitumia vijiko 3 vya siki na kijiko 1 cha chai cha chumvi, bila mafuta hata kidogo. Jagi lililobaki na mafuta kidogo ukutani lipanguswe kwanza. Inasagwa mwisho ili ukali wa siki usiingie kwenye sehemu ya friza.

Kinu na mchi vinafanya kazi nzuri pia, na mchanganyiko haupati joto, ila hakikisha kinu ni cha kazi hii tu na kimekauka. Kinu cha mti kilichotwangiwa karanga jana kina mafuta na ukungu kwenye nyufa zake.

Chupa ya wiki

Jaza chupa zote mbili hadi karibu na mdomo, ukigonga kitako taratibu mezani ili mapovu ya hewa yapande. Hewa ikiwa kidogo juu, ukungu una nafasi ndogo. Pangusa shingo na uzi wa mfuniko kwa karatasi safi iliyochovywa siki. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo sababu ukungu karibu kila mara huanzia kwenye mfuniko: tone lililokauka shingoni halina siki ya kutosha wala chumvi ya kutosha, lina hewa tele, na linapata unyevu kila friji inapofunguliwa.

Andika tarehe. Weka chupa rafu ya nyuma ambako baridi haibadiliki, si mlangoni. Friji iwe nyuzi joto 4 au chini yake. Fungua chupa moja tu. Ya pili ikae imefungwa hadi ya kwanza iishe. Zote ziishe ndani ya siku saba tangu kusaga, na ladha bora utaipata siku tatu za mwanzo. Chota kwa kijiko kikavu na safi, kisiwe kile kilichotoka kuonja mchuzi. Rudisha chupa kwenye friji mara tu ukichota, kabla hujaanza kukoroga sufuria, kwa sababu jiko la mchana wa Oktoba linaweza kuzidi nyuzi 30.

Siki na chumvi zilizomo humu zinapunguza kasi ya uharibifu. Haziufanyi mchanganyiko uwe wa kabatini. Bidhaa ya dukani inakaa miezi kwa sababu kiwandani wanapima uchachu kwa kifaa hadi uwe chini ya pH 4.6 katika kila sehemu, kisha wanapasha moto na mara nyingi wanaongeza kemikali za kuzuia ukungu. Vijiko vitatu vya siki kwa makadirio ya jikoni si kitu hichohicho, na kuongeza limao au ndimu nako hakutatui, kwa kuwa uchachu wa tunda moja haulingani na wa lingine.

Kugandisha

Chukua trei tatu za barafu zenye vishimo 14 hivi kila moja. Weka kijiko kimoja cha chakula kwenye kila kishimo, sawazisha kwa mgongo wa kijiko, na mafuta yaliyosagiwa yatafanya utando mwembamba unaozuia juu kukauka. Kwa vipimo vyetu utapata vipande 40 na kitu. Kila kipande kina sawa na punje mbili au tatu za kitunguu saumu na kipande kidogo cha tangawizi. Wali wa pilau wa kilo moja unataka vipande vitatu hadi vinne. Mchuzi wa nyama nusu kilo, viwili.

Funika trei na uziingize friza ndani ya nusu saa tangu kusaga. Zipange zisilaliane, ili baridi ifike pande zote. Zikishaganda kabisa, kwa kawaida kesho yake asubuhi, vitoe vipande na uvihamishe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana. Trei zilizoachwa wazi zinaleta hasara mbili: vipande vinakauka na kupauka, na harufu ya kitunguu saumu inaingia kwenye barafu za kunywa na hata kwenye maziwa. Trei za kazi hii zisirudi kwenye kazi ya barafu, maana harufu haitoki.

Asiye na trei atandaze mchanganyiko kwenye sinia lililotandikwa karatasi ya plastiki safi, unene wa sentimita 1. Baada ya saa moja na nusu kwenye friza, ukiwa umeanza kushika, uchore miraba kwa kisu. Ukiganda kabisa utavunjika kwenye mistari hiyo.

Friza kamili, ile inayofikia nyuzi 18 chini ya sifuri, inatunza ladha vizuri kwa miezi mitatu. Baada ya hapo vipande bado ni salama, ila utalazimika kuongeza idadi ili upate ladha ileile. Kile kichumba cha barafu kilicho ndani ya friji ya mlango mmoja hakifiki baridi hiyo. Humo hesabu mwezi mmoja. Kipimo rahisi: kipande kikitoka hapo na ukaweza kukiminya kwa vidole mara moja, kichumba chako hakina baridi ya kutosha, na yafaa usage nusu ya vipimo hivi.

Kipande hakihitaji kuyeyushwa kabla ya kupika. Kaanga kitunguu maji hadi kianze kubadilika rangi, punguza moto, ndipo uweke kipande. Kikidondoshwa kwenye mafuta yaliyopata moto sana, unyevu wake unarusha mafuta, na kitunguu saumu cha nje kinaungua na kuwa kichungu wakati katikati bado ni barafu. Dakika moja na nusu ya kukoroga kwa moto mdogo inatosha, nyanya zifuate.

Kwa nini mafuta hayawi kinga kabatini

Jambo hili linahitaji maneno ya kutosha kwa sababu chupa ya kitunguu saumu kilichofunikwa mafuta inaonekana safi kuliko nyingine zote. Haioti ukungu. Bakteria wa botulini hawahitaji hewa, wanaikimbia. Wanachotaka ni mahali pasipo na hewa, pasipo na uchachu, penye unyevu na vuguvugu. Punje iliyosagwa na kuzama kwenye mafuta ya alizeti juu ya kabati la Dodoma inawapa vyote vinne.

Mwaka 1985 mjini Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula kwenye mgahawa mmoja, na chanzo kilikuwa kitunguu saumu kilichokatwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta bila baridi. Sumu hiyo haina harufu wala ladha ya kukuonya, na chupa inaweza isivimbe. Dalili zake huanza kwa kawaida kati ya saa 12 na 36 baada ya kula, ingawa zinaweza kuchelewa siku kadhaa: kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili, ulimi kuwa mzito, kumeza kwa shida, kisha udhaifu unaoshuka mikononi na miguuni. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali mara moja na aeleze alichokula, kwa kuwa mwishowe misuli ya kupumua hushindwa.

Mchanganyiko wenye mafuta ambao haujagandishwa ukae kwenye friji siku nne tu, na uliosahaulika nje usiku kucha umwagwe. Usiuchemshe tena ili kuokoa pesa ya kitunguu saumu.

Rangi ya kijani na ukungu

Siku ya pili unafungua chupa ya siki na kukuta rangi ya kijani au bluu. Usiimwage kabla ya kuangalia. Kitunguu saumu kinapokutana na uchachu, kemikali zake za salfa huungana na viini vya protini na kutoa rangi hiyo, hasa kama punje zilikaa kwenye baridi kabla ya kusagwa. Rangi ya namna hii imeenea ndani ya mchanganyiko wote au kwa mabaka yasiyo na mpaka, haina manyoya, na harufu ni ileile. Haina madhara na haibadilishi ladha. Anayeichukia asiweke kitunguu saumu kizima kwenye friji kabla ya kusaga.

Ukungu unakaa juu au shingoni, unaanza kama doa la mviringo lenye mpaka, ukiinamisha chupa kwenye mwanga unaona manyoya, na harufu ni ya gunia lililoloa. Usikwangue juu ukatumia chini. Mizizi yake inashuka kwenye kitu laini kuliko macho yanavyoona. Mwaga chupa yote, na mfuniko uuchemshe kabla ya kuutumia tena. Mapovu yanayopanda yenyewe, au mfuniko unaotoa hewa ukifunguliwa, ni dalili ya kuchachuka, na hiyo pia inamwagwa bila kuonjwa.

Umeme ukikatika

Friza iliyojaa na kubaki imefungwa hushika baridi takribani saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ni saa nne tu. Umeme ukikatika asubuhi na kurudi jioni, vipande vya friza viko salama ilimradi hukuwa ukichungulia. Chupa ya friji haiko salama, hasa kiangazi.

Ukiwa safarini hutajua umeme ulikatika muda gani, lakini vipande vitakuambia. Vilivyobaki vimeganda siku zote vinagongana vikitikiswa na kila kimoja kina umbo la kishimo chake. Vikiwa vimeshikana kuwa bonge moja, mafuta yamejitenga chini ya kopo na juu kuna theluji nene, vimeyeyuka na kuganda upya. Hapo hujui vilikaa na vuguvugu saa ngapi, kwa hiyo vimwage.

Nyumba isiyo na friji

Pasipo friji, usisage cha kuhifadhi. Kitunguu saumu kizima kikining'inizwa kwenye neti au kapu mahali penye kivuli na upepo hukaa miezi, na hewa kavu ya Dodoma inakisaidia. Tangawizi ifukie kwenye ndoo ya mchanga mkavu uliochekechwa, ukichukua kidole kimoja kimoja; humo haisinyai haraka.

Kinachohifadhika bila baridi ni unga. Kata punje na tangawizi kuwa vipande vya milimita 2 hadi 3, vitandaze kwenye ungo, kila kimoja ungo wake, funika kwa chandarua au kitambaa chepesi dhidi ya vumbi na nzi, na uanike kiangazi tu. Viingize ndani kila jua linapotua, maana umande wa usiku unarudisha unyevu. Vimekauka pale vinapokatika kwa sauti na havipindi kabisa. Kimoja kikipinda, rudisha vyote juani. Saga, weka kwenye chupa kavu, mbali na mvuke wa jiko. Tangawizi kavu huwa kali zaidi ya mbichi na harufu yake ni tofauti, kwa hiyo anza na nusu kijiko cha chai kwa mchuzi wa nyama nusu kilo. Unga wa kitunguu saumu uchanganye na maji kidogo dakika tano kabla ya kuutia sufuriani. Kama hukuukausha kwa moto mkali, kimeng'enya chake bado kipo, na maji hayo ndiyo yanayokiamsha kutoa ukali upya.